Hija mabruri si hija mabruki: Makosa matatu katika ujumbe wa kumpokea haji

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja wa mtaa wa Kianda, Kibera, alirejea nyumbani kutoka Maka. Ni mama ninayemheshimu sana kwa sababu nilipokuwa mwanafunzi nilipanga chumba kwa familia yake, na mara nyingi kodi ilichelewa bila yeye kunitolea vyombo nje. Siku aliyotua Nairobi nilikuwa mbali kikazi. Nikamwandikia ujumbe kwa simu: "Hija mabruk, Mama. Karibu tena nyumbani. Pole na safari, na hongera sana."

Nilijiona nimesema yote. Baada ya muda mfupi mjukuu wake akanijibu: "Prof, nyanya anauliza, hapa unamkaribisha ama unamuaga? Na anasema mabruk ni ya harusi."

Nilicheka, kisha nikaona haya. Mtu aliyefundisha lugha miaka yote hiyo alikuwa amekosea katika ujumbe wa mstari mmoja na nusu, na aliyemsahihisha ni mama ambaye masomo yake yalikuwa ya madrasa tu. Makala haya ni malipo ya deni hilo. Nitauchukua ule ujumbe wangu kipande kwa kipande, nionyeshe kila neno lilitoka wapi na kwa nini halikukaa mahali pake.

Kwanza tujue tuko wapi. Jina Kianda lina asili ya Kikuyu, na maana yake ni bonde. Jina la eneo zima, Kibera, ni la Kinubi: kibra, yaani msitu. Wanubi ndio walioanza kuishi katika msitu huo mwanzoni mwa karne ya 20. Walikuwa askari wenye asili ya Sudan na familia zao. Wengi wa wazee wao walikuwa katika jeshi la Emin Pasha kule Ikwatoria, na mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua kutoka Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawaingiza Uganda. Jeshi la KAR lilipoundwa mwaka 1902 wao walikuwa sehemu ya uti wake wa mgongo. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilichapisha katika gazeti rasmi kwamba ekari 4,197 za Kibera ni ardhi ya jeshi. Ni ardhi ambayo Wanubi walikaa kwa takriban karne nzima bila hati, hadi mwaka 2017 walipopewa hatimiliki ya pamoja ya ekari 288.

Nimeieleza historia hii kwa sababu ya dhana moja iliyoenea, kwamba Mnubi anaelewa Kiarabu cha dini kwa kuwa lugha yake ni "Kiarabu". Sivyo. Kinubi kilizaliwa kambini, askari wa makabila mengi walipolazimika kusikilizana. Msamiati wake mwingi ni wa Kiarabu, lakini sarufi yake ilikwenda njia yake yenyewe, jambo ambalo Bernd Heine alilieleza kinaganaga katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu Kinubi cha Kibera. Mnubi husema ana kwa maana ya mimi na ita kwa maana ya wewe, lakini vitenzi na majina katika lugha yake havinyumbuliki kama katika Kiarabu cha Kurani. Kwa hiyo salamu ya kumpokea haji hakuipata kwa mama yake akiwa mgongoni. Aliipata madrasani, sawa na Mswahili wa Lamu au Msomali wa Eastleigh. Yule mama alijua tofauti ya mabrur na mabruk kwa sababu alifundishwa.

Tuingie basi katika kosa la kwanza. Salamu kamili anayopewa haji ina vipande vitatu: hija mabruri, saayi mashkuri, na dhambi maghfuri. Nimeiandika kwa mavazi ya Kiswahili, maana silabi zetu hupenda kuishia kwa irabu. Wengine hupendelea kuitamka kwa Kiarabu chake, mabrur, mashkur, maghfur, na hapana ubaya.

Mabruri linatokana na mzizi b-r-r, wenye maana ya wema na utiifu. Hija mabruri ni hija iliyotendwa kwa wema ikapokewa. Mabruk linatokana na mzizi b-r-k, huo huo uliotupa baraka, bariki na jina Mubaraka. Waarabu humwambia mabruk mtu aliyeoa, aliyejaliwa mtoto au aliyenunua nyumba. Ni pongezi. Maneno haya mawili yanatofautiana kwa konsonanti moja tu mwishoni, na kwa sikio la Nairobi lenye haraka yanasikika kama pacha. Ndiyo maana kila mwaka, baada ya siku za hija, "hija mabruk" huzagaa katika simu zetu.

Je, kuna hasara gani? Si baraka ni kitu chema? Ni chema. Lakini ili kuiona hasara, tazama umbo la maneno yenyewe. Kiswahili kimekopa maneno mengi ya Kiarabu yenye umbo hili linaloanza na ma-. Majeruhi ni mtu aliyejeruhiwa. Mahabusu ni mtu aliyefungwa. Maarufu ni anayejulikana. Maluuni ni aliyelaaniwa. Katika yote hayo, mtajwa si mtenda bali ni mtendwa. Majeruhi hakujeruhi mtu, alijeruhiwa na mwingine.

Sasa rudi kwenye salamu. Mabruri, mashkuri na maghfuri ni maneno ya umbo hilo hilo. Hija ni kitendo cha haji, kwani ni yeye aliyeweka akiba, akasafiri, akasimama Arafa. Saayi ni kitendo chake pia: ni ule mwendo wa mara saba baina ya Safa na Marwa, takriban kilomita tatu kwa jumla, kwa kumkumbuka Bi Hajira alipohangaika kumtafutia mwanawe maji. Na dhambi, bila shaka, ni zake. Lakini kupokewa kwa hija, kushukuriwa kwa mwendo na kufutwa kwa dhambi si vitendo vyake. Hayo anatendewa, na mtendaji ni Mungu. Kila kipande cha salamu kina nusu mbili: jina ni la mja, na sifa ni ya Mola.

Ndiyo sababu salamu hii si pongezi. Ni dua. Katika Kiarabu jambo hili huonekana wazi salamu inaposemwa kwa ukamilifu, kwa sababu huanza kwa kumwomba Mungu aijaalie hija iwe hivyo, na majina yote hubadilika mwisho wake kuonyesha kwamba yanategemea kitenzi hicho cha kuomba. Salamu ilipofupishwa, kitenzi kikaachwa. Ilipoingia katika Kiswahili, hata ile alama ya mwisho wa neno ikapotea. Tukabaki na "hija mabruri", maneno mawili ambayo kwa mtu asiyejua yanasikika kama taarifa: hija yako imekubaliwa. Nani kati yetu ana mamlaka ya kutoa taarifa hiyo?

Msomaji asiye Mwislamu asidhani jambo hili ni geni kwake. Analitenda kila anapofungua ukurasa wa matangazo ya vifo. Neno marehemu, ukilifumua, maana yake ni mtu aliyerehemewa. Hakuna anayejua kama aliyelala amerehemewa. Tunamwita hivyo kwa kumtakia. Ni dua iliyovaa nguo za taarifa. Hija mabruri ni ndugu yake, na tofauti ni kwamba haji yuko hai na anaweza kuitika "amin".

Hapo ndipo "hongera sana" yangu nayo ilipoteleza. Hongera humwendea mtenda: umefaulu mtihani, umejifungua, umeshinda kiti. Kumwambia haji hongera si tusi, na wengi husema hivyo kwa moyo safi. Ila inahamisha uzito wote kutoka kwa aliyepokea kwenda kwa aliyesafiri, kana kwamba hija ni shahada ya kutundika ukutani.

Kosa la pili lilikuwa "karibu tena nyumbani". Hili ndilo lililomfanya mama aulize kama namuaga. Katika Kiswahili, "karibu tena" humwambia anayeondoka. Utaisoma juu ya mlango wa hoteli unapotoka, baada ya kulipa chai yako. Maana yake ni "siku nyingine uje". Mimi nilikuwa nikifikiri kwa Kiingereza, nikachukua maneno mawili ya lugha ile nikayapangia mawili ya lugha hii. Kumbe anayerudi kwake hahitaji "tena". Nyumba ni yake. "Karibu nyumbani" inatosha.

Neno karibu lenyewe linatokana na Kiarabu na maana yake ya asili ni iliyo jirani, isiyo mbali. Sisi tukaligeuza kuwa mwaliko: sogea, usisimame mbali. Tukaliongezea na kiambishi chetu -ni cha kuwaita wengi, tukapata karibuni. Kwa mtu aliyetoka mbali kwelikweli, sidhani kuna neno linalomfaa zaidi. Umbali umekwisha, yuko karibu.

Kosa la tatu ni dogo, nalo ni "pole na safari". Kwa usanifu tuseme "pole kwa safari", kwa kuwa kwa ndiyo inayoonyesha sababu ya pole yenyewe. Lakini mitaani "pole na safari" imeshakita mizizi, na sitamsimamisha mtu kituoni kwa ajili ya kihusishi. Kinachonivutia zaidi ni swali la kwa nini tunampa msafiri pole. Leo ndege kutoka Nairobi hadi Jeda huchukua kama saa nne. Pole ya nini?

Jibu limo katika historia ya safari yenyewe. Kabla ya meli za mvuke, haji wa pwani yetu alitegemea pepo mbili. Kusi huvuma kutoka kusini, kwa kawaida kuanzia Aprili hadi Septemba, nayo ndiyo iliyosukuma majahazi kuelekea Arabuni. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini, kuanzia Desemba hadi Machi, nayo ndiyo iliyowarudisha. Pepo hizi hufuata jua. Hija hufuata mwezi, na mwaka wa mwezi ni mfupi kwa takriban siku 11. Kwa hiyo Mfunguo Tatu, mwezi wa hija, ulizunguka misimu yote kwa kipindi cha kama miaka 33. Kuna miaka hija iliangukia pazuri, mtu akaenda na kusi na kurudi na kaskazi iliyofuata. Na kuna miaka haji alimaliza ibada yake, kisha akakaa miezi kadhaa akisubiri upepo wa kumrudisha. Wengine walitumia muda huo kusoma, wengine kuuza na kununua.

Meli za mvuke zilipunguza kusubiri. Mfereji wa Suezi ulifunguliwa mwaka 1869, na kufikia mwaka 1872 meli za barua za Waingereza zilikuwa zikipita kati ya Adeni na Unguja. Lakini watu wengi waliokusanyika haraka walibeba pia kipindupindu, na kuanzia mwaka 1882 mahujaji waliotoka upande wa kusini walizuiwa kwanza katika kisiwa cha Kamarani, ndani ya Bahari ya Shamu, ili wakaguliwe afya. Wale waliopita nchi kavu kutoka Afrika Magharibi hadi bandari ya Suakini kule Sudan walitembea kwa miaka. Wengi hawakurudi kwao kamwe, na vizazi vyao wako Sudan mpaka leo.

Mtu akiaga safari ya namna hiyo, alilipa madeni, aliandika wasia, na alipita mlango kwa mlango kuomba radhi. Nyumbani hawakuwa na habari yake mpaka waone tanga. Pole ya safari ilikuwa pole ya kweli, na "Alhamdulilahi umerudi salama" ilisemwa na watu waliokuwa wamejiandaa kwa habari nyingine.

Mfano mmoja mkubwa tumeachiwa na tarehe ya Kilwa. Mapema katika karne ya 14, kijana wa ukoo wa kifalme, al-Hasan bin Sulaiman, alikwenda kuhiji, akakaa Adeni miaka miwili akisoma. Baba yake akafariki angali huko. Ndugu yake Daudi akakalia kiti kwa niaba yake. Al-Hasan aliporejea, Daudi alimwachia utawala. Huyu ndiye sultani ambaye Ibn Batuta alimkuta Kilwa mwaka 1331, akamsifu kwa ukarimu, na aliyejulikana kwa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani mwenye vipawa vya kutoa. Tarehe haituambii maneno ambayo Daudi alimpokea nayo nduguye. Lakini tunajua alichokifanya: alisimama, akaondoka kitini. Katika historia ya viti vya enzi, mapokezi ya namna hiyo ni machache.

Niliporudi Nairobi nilikwenda Kianda mwenyewe kuomba msamaha wa ujumbe wangu. Nyumba ilikuwa imejaa. Vijana walipitisha tende na vikombe vidogo vya maji ya zamzam, na kila aliyeingia alimshika mama mkono, akasema dua yake, kisha akaongeza neno moja: "Niombee." Hili sikulitia katika ujumbe wangu, na kwa mila ya kumpokea haji ndilo kiini. Inaaminika kwamba aliyehiji hija njema hurudi kama siku aliyozaliwa, na kwamba dua yake akiwa bado na vumbi la safari ina uzito. Kwa hiyo anayempokea hatoi tu, anaomba pia. Naye haji huitika, "Amin, na wewe Mungu akujaalie ufike."

Mama alinionyesha kwa macho mwanamke aliyesimama mlangoni. Nilimfahamu. Ni jirani yake, si Mwislamu, na kwa miaka walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mfereji wa majitaka uliopita baina ya nyumba zao. Kabla ya kwenda Maka, mama alibisha hodi kwake kuomba radhi kama mila inavyotaka. Jirani akamjibu kwa ufupi, "Tutaongea ukirudi," akafunga mlango.

Sasa alikuwa amesimama pale na pakiti mbili za sukari ndani ya karatasi, hajui maneno ya Kiarabu, hajui aseme nini. Mwishowe akasema, "Mama Haji, umerudi."

Mama akajibu, "Nimerudi. Ingia."

Wanafunzi wangu hunisumbua kuhusu kiambishi -me-, wakitaka kujua kama ni wakati uliopita au uliopo. Huwa nawaambia ni tendo lililokwisha ambalo matokeo yake bado yapo mbele ya macho. "Ulirudi" ni habari ya jana. "Umerudi" ni kusema: ulikuwa mbali, na sasa hapa ulipo nakuona. Jirani yule, bila mabruri wala mashkuri, alikuwa amesema kiini cha salamu zote za kumpokea msafiri. Waliongea siku hiyo hadi jioni. Mfereji bado uko pale pale, lakini wamechangishana wakaufunika kwa mabamba ya saruji.

Wanazuoni wa Kiislamu waliulizwa tangu zamani, hija mabruri hujulikanaje? Wengi walijibu kwamba dalili yake ni mtu kurudi akiwa bora kuliko alivyokwenda. Ukilipima jibu hilo utaona kwamba haliwezi kuthibitishwa uwanja wa ndege wa JKIA, wala katika ujumbe wa simu siku ya kwanza. Linahitaji muda na linahitaji mashahidi, na mashahidi wa karibu kuliko wote ni majirani. Kwa hiyo tunachoweza kumpa haji siku anapofika ni ombi tu. Taarifa itakuja baadaye, na itaandikwa na wale wanaoishi naye ukuta kwa ukuta.

Nilimaliza kwa kumwomba mama ruhusa ya kuandika upya ule ujumbe wangu. Akasema, "Andika, lakini usiweke mabruk." Nikaandika hivi:

"Mama, karibu nyumbani. Tunamshukuru Mungu aliyekurudisha salama. Pole kwa safari. Mola aijaalie hija yako iwe mabruri, saayi yako iwe mashkuri, na dhambi zako ziwe maghfuri. Nasi tuombee."

Mjukuu alimsomea kwa sauti, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwake. Mama akaitika amin, akaniongezea tende, kisha akanikumbusha kwamba kuna kodi ya mwezi mmoja ya enzi zile ambayo alikwisha kuisamehe kabla hajaondoka.